Bei ya 1,245.50 ambayo haikuwahi kuwapo sokoni

Ukinunua au kuuza hisa kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani DSE, dalali anapaswa kukupa noti ya mkataba. Siku hizi huja kama PDF kwenye barua pepe, juu imeandikwa "CONTRACT NOTE", na mara nyingi yote ni kwa Kiingereza. Wengi wetu hushuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, tukaona jumla ya fedha iliyokatwa, tukaifunga. Inaniuma, kwa sababu ukurasa ule mmoja unaeleza karibu kila kitu kuhusu fedha yako: ilinunua nini, kwa bei gani, nani na nani walichukua chao, na lini hisa zitakuwa zako kweli.

Noti ninayotaka kuipitia hapa ni ya mama mdogo, mwalimu mstaafu anayeishi Morogoro. Jina la kampuni aliyonunua nimeliacha, na namba nimezirekebisha ziwe rahisi kufuatia, lakini mpangilio wake ni ule ule. Aliagiza hisa 2,000 na kumwambia dalali asizidishe shilingi 1,260 kwa hisa moja. Noti ilipofika alinipigia simu sauti ikiwa imepanda.

"Mwanangu, hawa watu wameandika 1,245.50. Mimi siku nzima nilikuwa naangalia bei kwenye simu. Niliona 1,240, nikaona 1,250, nikaona 1,260. Hiyo ya senti hamsini wameitoa wapi?"

Alikuwa sahihi. Bei hiyo haikuwahi kuwapo sokoni. Hata hivyo noti haikuwa na kosa.

Oda ya kununua hisa 2,000 si lazima ikutane na muuzaji mmoja mwenye hisa 2,000. Sokoni wauzaji wako kwenye foleni, kila mmoja na idadi yake na bei yake, na oda yako huanza kuchukua kwa yule anayeuza rahisi zaidi, kisha anayefuata, mpaka itimie au ifike kwenye ukomo uliouweka. Ya mama mdogo ilichukua hisa 1,200 kwa shilingi 1,240, zikawa shilingi 1,488,000. Hapo bei ile ikaisha. Ikachukua 500 kwa 1,250, sawa na shilingi 625,000. Zilizobaki, 300, zikapatikana kwa 1,260, sawa na shilingi 378,000. Jumla ni shilingi 2,491,000. Gawanya kwa 2,000, unapata 1,245.50.

Kwa hiyo "Price" kwenye noti yake ni wastani, na wastani wenyewe umezingatia idadi ya hisa kwenye kila bei. Hapa ndipo watu hupotea. Ukijumlisha bei zile tatu na kugawanya kwa tatu utapata 1,250, na utaamini kwamba noti imekosewa. Lakini hisa nyingi zilipatikana kwa bei ya chini, ndiyo maana wastani umeshuka. Madalali wengine hawaandiki wastani kabisa. Wanaweka mistari mitatu, kila mmoja na idadi yake, bei yake na thamani yake, na jumla chini. Mimi naipenda zaidi noti ya namna hiyo, maana unaona biashara yenyewe ilivyokwenda. Kama ya kwako imeandika wastani tu, mwombe dalali akupe mchanganuo wa bei. Biashara zote hurekodiwa kwenye mfumo wa soko, kwa hiyo kumwomba mchanganuo si kumsumbua.

Kupima bei kunahitaji mambo mawili. Kwanza, angalia ukomo wako: hakuna hata hisa moja inayopaswa kuwa juu ya bei uliyoagiza ukiwa unanunua, au chini yake ukiwa unauza. Wastani unaweza kulificha hilo. Wastani wa 1,245.50 ungeweza kutokea hata kama hisa chache zilinunuliwa kwa 1,280, juu ya agizo la mama mdogo, na hungejua bila mchanganuo. Pili, fungua taarifa ya soko ya siku ile, ambayo DSE huitoa kila siku ya biashara, utafute bei ya juu na bei ya chini ya kampuni yako. Kila bei uliyonunulia katika mauzo ya kawaida iwe kati ya hizo mbili. Usilinganishe na bei ya kufunga soko peke yake. Bei ya kufunga ni muhtasari wa siku, na oda yako huenda ilitekelezwa saa nne asubuhi, mambo yakabadilika mchana.

Nilipomaliza kumweleza hayo, mama mdogo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, bei nimeielewa. Lakini mbona 2,491,000 imekuwa 2,549,937?"

Ile 2,491,000 ndiyo noti huiita "Consideration" au "Gross Amount", yaani thamani ya hisa zenyewe kabla ya gharama. Tozo zote huhesabiwa kutoka kwenye namba hiyo, isipokuwa VAT, ambayo nitaifikia. Basi ukitaka kuikagua noti, anza hapo na uende chini mstari kwa mstari ukiwa na kikokotoo cha simu.

Mstari mkubwa kuliko yote ni kamisheni ya dalali. Kwa hisa za DSE, kiwango ni asilimia 1.7 kwa shilingi milioni 10 za kwanza, asilimia 1.5 kwa milioni 40 zinazofuata, na asilimia 0.8 kwa kinachozidi milioni 50. Mama mdogo hakufika milioni 10, kwa hiyo yake yote ni asilimia 1.7 ya 2,491,000, sawa na shilingi 42,347. Juu ya kamisheni hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Angalia vizuri: ni asilimia 18 ya 42,347, si ya 2,491,000. Inatoka 7,622.46. VAT ile ni ya huduma ya dalali. Hisa zenyewe hazitozwi.

Halafu kuna mistari minne midogo ambayo dalali anaikusanya tu na kuipeleka kwa wenyewe. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo noti huiandika CMSA, inachukua asilimia 0.14, kwa mama mdogo ni 3,487.40. Soko lenyewe, DSE, nalo linachukua asilimia 0.14, tena 3,487.40. Mfuko unaoandikwa "Fidelity" unachukua asilimia 0.02, yaani 498.20. Mfuko huu ni wa kufidia wawekezaji iwapo dalali atashindwa kutimiza wajibu wake kwao. Haufidii hasara ya bei kushuka. Mwisho ni asilimia 0.06 ya CSDR, kampuni inayotunza kumbukumbu za nani anamiliki hisa ngapi, sawa na 1,494.60.

Jumlisha yote, gharama ni shilingi 58,937.06. Ongeza kwenye 2,491,000 unapata 2,549,937.06, senti kwa senti kama noti ilivyoandika. Ukiigawanya gharama kwa thamani ya hisa unapata asilimia 2.366, nami naomba uikumbuke namba hii. Ndiyo kipimo cha haraka cha oda yoyote iliyo chini ya milioni 10: zidisha thamani kwa 0.02366 na uone kama gharama ya noti yako inakaribiana nayo.

Nimesema inakaribiana kwa sababu ya jambo moja linaloweza kukuchanganya. Ukikuta mstari wa DSE una asilimia 0.1652 badala ya 0.14, na wa CSDR una 0.0708 badala ya 0.06, ujue ni tozo zile zile zikiwa na VAT ndani yake: 0.14 mara 1.18 ni 0.1652, na 0.06 mara 1.18 ni 0.0708. Kwa hesabu ya mama mdogo tofauti ingekuwa shilingi 896.76, na gharama ingepanda kutoka asilimia 2.366 hadi 2.402. Ukiona tofauti ya ukubwa huo, jaribu kwanza njia hii kabla ya kumlalamikia mtu. Tofauti isiyoingia kwenye hesabu yoyote kati ya hizi mbili ndiyo ya kuulizia, hasa kama imekuja na mstari wenye jina la jumla jumla kama "Other Charges". Mstari wa namna hiyo uwe na maelezo kwa maandishi.

Viwango hivi ni vya kuidhinishwa na vinaweza kubadilishwa, kwa hiyo kabla ya kuhesabu hakikisha dalali wako anatumia jedwali la sasa. Tena noti haionyeshi gharama ya kupeleka fedha kwa dalali. Makato ya benki au ya kutuma kwa simu yako nje ya ukurasa ule, na yakiwa makubwa uyaandike mwenyewe kwenye daftari lako, maana nayo ni gharama ya ununuzi.

Kwa wenye oda kubwa, ngazi za kamisheni zinahitaji uangalifu wake. Chukua ununuzi wa shilingi milioni 16. Milioni 10 za kwanza ni asilimia 1.7, sawa na 170,000. Milioni 6 zilizobaki ni asilimia 1.5, sawa na 90,000. Kamisheni ni 260,000. Ukikuta 272,000, mtu ametumia 1.7 kwa fedha yote, na umezidishiwa 12,000 pamoja na VAT yake. Kwa upande mwingine, usidai 240,000 ukifikiri kwamba ukivuka milioni 10 basi 1.5 inashika fedha yote. Kila kipande cha fedha kina kiwango chake. Na kama oda yako ni kubwa na huenda ikatimia kwa siku mbili au tatu, kila siku ikiwa na noti yake, muulize dalali mapema kama ngazi zitahesabiwa kwa oda nzima au kwa kila noti. Milioni 9 leo na milioni 7 kesho, zikihesabiwa mbalimbali, zote mbili ziko chini ya milioni 10, na unafuu wa ngazi ya pili hutauona.

Mama mdogo alikuwa ametuma 2,600,000. Dalali ndiye aliyemshauri, na alishauri vizuri. Ukiweka ukomo wa bei, fedha ya kutuma hupigwa kwenye ukomo ule pamoja na gharama: hisa 2,000 kwa 1,260 ni 2,520,000, na ukizidisha kwa 1.02366 unapata 2,579,623.20. Angetuma 2,520,000 kamili, na hisa zote zikapatikana kwa 1,260, fedha isingetosha. Baki yake, 50,062.94, haionekani kwenye noti ya mkataba. Iko kwenye taarifa ya akaunti yake kwa dalali, na nilimwambia aiombe taarifa hiyo siku ile ile.

Sasa turudi kwenye ile 2,549,937.06. Igawanye kwa hisa 2,000 unapata 1,274.97. Hiyo ndiyo bei halisi ya hisa moja kwa mama mdogo, na ningetamani kila noti iiandike kwa herufi nene, kwa sababu mwekezaji mdogo hudanganywa sana na bei ya skrini. Bei ikifika 1,275 anaanza kusherehekea kwamba fedha imerudi. Bado haijarudi, kwa sababu kuuza nako kuna noti yake, yenye mistari ile ile, ila safari hii gharama hutolewa kwenye thamani badala ya kuongezwa.

Tuifanye hesabu ya kuuza. Tuseme siku moja anauza zote 2,000 kwa 1,310. Thamani ni 2,620,000. Gharama kwa asilimia 2.366 ni 61,989.20. Anapokea 2,558,010.80. Toa alichotoa mwanzo, 2,549,937.06, faida ni shilingi 8,073.74. Bei ya skrini inasema amepata 129,000, tofauti ya 2,620,000 na 2,491,000. Karibu yote imekwenda kwenye noti mbili.

Bei ya kurudisha fedha tu, bila faida wala hasara, hupatikana kwa kugawanya 1,274.97 kwa 0.97634, yaani moja ukitoa 0.02366. Jibu ni karibu 1,305.87. Ni asilimia 4.85 juu ya wastani aliolipa. Mimi huiandika bei hii pembeni ya noti kwa kalamu siku ninayoipokea. Ikiwa mtu anakushawishi ununue leo na kuuza wiki ijayo bei ikipanda asilimia tatu, hesabu hii inamjibu. Gawio ni habari nyingine, na kwa mama mdogo ndilo lililomfanya anunue. Hapo ndipo tulipofika kwenye tarehe.

Noti ina tarehe mbili ambazo macho hupenda kuzichanganya. "Trade Date" ni siku oda ilipokutana na wauzaji. Siku hiyo bei imefungwa, hakuna kurudi nyuma, lakini hisa bado hazijahamia kwako. "Settlement Date" ni siku ya makabidhiano, fedha inakwenda kwa muuzaji na hisa zinaingia kwenye akaunti yako ya CDS, yaani akaunti ya kutunzia hisa. Kwa hisa za DSE ni siku ya tatu ya kazi baada ya siku ya biashara, ambayo madalali huiandika T+3. Siku ya biashara yenyewe haihesabiwi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi.

Mama mdogo alinunua Alhamisi, tarehe 3 Julai 2025. Ijumaa tarehe 4 ni siku ya kwanza. Jumatatu tarehe 7 ingekuwa ya pili, lakini ni Saba Saba, soko limefungwa. Kwa hiyo Jumanne tarehe 8 ndiyo ya pili, na Jumatano tarehe 9 ndiyo ya tatu. Noti iliandika 09/07/2025, sawasawa. Mtu aliyesahau sikukuu angetarajia hisa Jumanne, asizione kwenye akaunti, aanze kupiga simu kwa hofu.

"Kwa hiyo gawio nitapata au sipati?" akauliza. Kampuni, tuseme, ilikuwa imetangaza kufunga daftari la wanahisa jioni ya Jumatano tarehe 9. Anayepata gawio ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari linapofungwa, na jina huingia siku ya makabidhiano, si siku ya kununua. Yeye makabidhiano yake ni tarehe 9, basi amo. Jirani aliyenunua Ijumaa tarehe 4 angehesabu Jumanne tarehe 8, Jumatano tarehe 9, Alhamisi tarehe 10. Huyo yuko nje, ingawa alinunua siku tano kabla ya daftari kufungwa, na gawio litakwenda kwa aliyemuuzia. Tangazo la kampuni kwa kawaida hutaja siku ya mwisho ya kununua ukiwa na haki ya gawio. Isome kwanza hiyo, kisha uilinganishe na "Settlement Date" ya noti yako. Na bei kushuka asubuhi inayofuata siku hiyo ni jambo la kutarajiwa, kwa kuwa anayenunua kuanzia hapo halipii tena gawio lile.

Kwa muuzaji tarehe hiyo ina maana nyingine: ndiyo siku ya mapema kabisa ya kutarajia fedha. Usiahidi ada ya shule kwa fedha ya hisa ulizouza jana. Hesabu siku tatu za kazi, kisha ongeza muda wa dalali kuihamisha kwenda benki kwako.

Kuna vitu vingine juu ya noti ambavyo huchukua nusu dakika kuvikagua lakini vikikosewa ni usumbufu: jina lako, namba ya akaunti ya CDS, neno "Buy" au "Sell", jina la kampuni. Namba ya CDS ndiyo ya kusoma tarakimu kwa tarakimu, hasa katika familia ambayo watu wawili wana majina yanayofanana na dalali mmoja. Noti ni maelezo ya dalali. Uthibitisho kwamba hisa ni zako unatoka CSDR, kwenye taarifa ya akaunti yako ya CDS. Tarehe 9 jioni au tarehe 10 asubuhi, mama mdogo alitakiwa aone hisa 2,000 kwenye taarifa hiyo, wala si 1,700 wala 2,000 zilizoandikwa "pending".

Namba zisipokubaliana, andika barua pepe kwa dalali siku hiyo hiyo. Simu haiachi kumbukumbu. Taja namba ya noti, siku ya biashara, mstari wenye tatizo, kiasi kilichoandikwa na kiasi ulichopata wewe kwa hesabu yako, na uambatanishe agizo ulilotoa likionyesha ukomo wa bei. Makosa mengi ya kamisheni huishia hapo, dalali anatoa noti iliyosahihishwa na kurudisha tofauti. Usiponyamaziwa ni vizuri. Ukinyamaziwa, barua ile ile pamoja na noti ndivyo vielelezo utakavyopeleka CMSA, ambao ndio wanaotoa leseni kwa madalali na kusimamia mwenendo wao.